Uzi: Gunia linasema "Ukweli kwa Mkulima". Wafanyakazi tuwaulizeje bila kuwaanika?

Nakku_Utumishi · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Habari za asubuhi wana jukwaa. Naomba macho ya wenye uzoefu wa madodoso ya ndani.

Kampuni inauza mbegu na dawa za shambani. Wafanyakazi ni 186: ofisi kuu Kampala 52, ghala la Namanve 38, tawi la Mbale 27, Lira 24, Masindi 21, Kasese 15 na Bweyale 9. Kila gunia na kila mlango wa tawi umeandikwa ahadi tatu: Ukweli kwa mkulima, Usalama wa mfanyakazi, Mlango uko wazi. Wakurugenzi wanataka kuzitangaza redioni kabla ya msimu wa pili wa mvua, ila wamekubali kwanza wafanyakazi waulizwe kwa siri kama maneno hayo yanaishi.

Nimeandaa dodoso la maswali 34. La kwanza: "Kampuni yetu ni ya kweli kwa mkulima", mtu achague 1 hadi 5. Mwishoni nauliza tawi, idara, jinsia na miaka kazini. Nimelijaribu kwa watu 20 wa ofisi kuu, wastani wa swali la kwanza umetoka 4.3. Je, niliachie liende matawini?

---

Chapa_na_Sauti · Jumatatu, saa 3:41 asubuhi

Dada Nakku, hapo mtapoteza hela. Nendeni siku ya soko, simamisheni wakulima 200, waulizeni kama wanaiamini chapa. Mfanyakazi hanunui mbegu.

---

Nakku_Utumishi · Jumatatu, saa 3:55 asubuhi

Asante kaka, lakini hilo ni swali jingine. Mkulima atatuambia anachodhani. Anayejua kama mfuko ulioisha muda umerudishwa rafuni ni mtunza ghala, na huyo ndiye ninayetaka aseme bila hofu.

---

MamaTakwimu · Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Usiliachie bado, nnyabo. Hiyo 4.3 haikuambii kitu, na sababu zipo mbili.

Ya kwanza, umeuliza watu kama wanakubaliana na maneno mazuri. Nani atakataa ukweli? Mwenye kujibu anasoma sentensi, anaona ni ile ile iliyo ukutani, anaweka 4 au 5 na kuendelea. Umepima kama anaikumbuka kauli ya kampuni. Ya pili, uliowauliza wanakaa Kampala. Mhasibu wa ofisi kuu hajawahi kumhudumia mkulima kaunta, kwa hiyo amekujibu kwa imani tu.

Ahadi ivunje iwe tukio. Jiulize hivi: ahadi hii ikivunjwa siku ya Jumanne saa 4 asubuhi, mfanyakazi aliyesimama pale angeona nini kwa macho? Kwa "ukweli kwa mkulima" angeona mambo kama matatu: bidhaa iliyopita tarehe imewekwa rafu ya kuuzia, muuzaji anamshauri mkulima achukue mbegu isiyofaa eneo lake kwa sababu ndiyo iliyojaa ghalani, au lebo ya tarehe imebandikwa juu ya nyingine. Hayo ndiyo ya kuuliza, na uyawekee mipaka ya muda ambayo mtu anaikumbuka. "Tangu mvua za Machi zianze hadi leo" ni bora kuliko "katika miezi 3 iliyopita", maana watu wa kilimo wanahesabu kwa msimu.

Mfano:

"Tangu mvua za Machi zianze, ni mara ngapi umeona mbegu au dawa iliyopita tarehe ikiwa kwenye rafu ya kuuzia?" Majibu: sijaona hata mara moja, mara 1, mara 2 au 3, zaidi ya mara 3, kazi yangu hainifikishi kwenye rafu.

Hilo jibu la mwisho usilifute hata ukibanwa na nafasi. Usiliandike "sijui" pia, kwa sababu "sijui" ni mlango wa kukimbilia kwa anayeogopa. Ukija kuhesabu, wote waliochagua "kazi yangu hainifikishi" unawatoa kwenye idadi unayogawia. Usipowatoa, ofisi kuu itayazamisha matawi.

Kwa "mlango uko wazi" kuuliza idadi ya matukio hakufai, maana penye hofu hakuna anayekwenda kulalamika na matukio yatakuwa sifuri. Hapo tumia kisa kifupi: "Mfanyakazi wa tawi lako anamwambia meneja kwamba dawa fulani imepita tarehe na isiuzwe. Unadhani nini kitafuata?" Majibu: itaondolewa, ataambiwa asubiri, ataambiwa auze tu, yeye ndiye atapata shida. Mtu anazungumzia mfanyakazi asiye na jina, kumbe anakupa hali ya tawi lake.

Na punguza. Maswali 34 kwa mtu anayepakua lori ni mengi mno. Ahadi tatu, maswali matatu au manne kwa kila moja, basi.

---

Mzee_wa_Bweyale · Jumatatu, saa 7:02 mchana

Mama Takwimu kasema. Mimi naongeza lugha, kwa sababu matawi hayo nayafahamu. Masindi na Bweyale ghalani ni Kiswahili, Lira ni Kilango, Mbale utakuta Kigisu na Kiganda vimechanganyika. Ukipeleka karatasi ya Kiingereza, wapakuaji watamwomba karani awasomee, na siri imeishia hapo hapo.

Lakini tafsiri nayo ina mitego. Kwa Kiganda ukiandika "mukama wange", mmoja atafikiria meneja wa tawi, mwingine atamfikiria mwenye kampuni. Watajibu kuhusu watu wawili tofauti na wewe utajumlisha kana kwamba ni mmoja. Andika "meneja wa tawi hili". Na ghalani hakuna anayesema "bidhaa iliyopita muda wake wa matumizi", wanasema imeekspaya. Andika hivyo hivyo.

Namna ya kujua kama tafsiri imekaa sawa: mtu mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona ya mwanzo anairudisha. Zikigongana, sentensi ya mwanzo ndiyo mara nyingi yenye utata, irekebishe hiyo.

Kuhusu njia ya kukusanya, ningeshauri simu. Kila mtu ana katochi yake. Wekeni namba ya kupiga nyota na reli, mtu anajibu 1, 2, 3, hana haja ya bando wala kuandika jina. Hapo siri ni kamili.

---

Wakili_Jinja · Jumatatu, saa 8:30 mchana

Mzee wangu, kwa gharama na urahisi uko sahihi. Kwa siri hapana. Laini ya simu hapa Uganda imesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Anayeendesha ile huduma ya nyota na reli anapokea namba ya simu pamoja na kila jibu. Kwa hiyo jina halikuandikwa, lakini lipo hatua moja tu mbali.

Na hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahesabu kuwa data binafsi taarifa yoyote ambayo mtu anaweza kutambuliwa kwayo. Jibu lenye namba ya simu ni data binafsi. Kama mmewaambia watu "hatujui wewe ni nani" huku namba zimehifadhiwa kwa mkandarasi, mmewapa ahadi isiyo ya kweli, tena kwenye dodoso linalopima ukweli. Semeni ama "hatuwezi kukujua", ama "anayekusanya anaweza kukujua lakini hatatuambia". Ni mambo mawili tofauti, na la pili lazima lilindwe kwa mkataba.

---

Mzee_wa_Bweyale · Jumatatu, saa 8:44 mchana

Nimekubali kuhusu namba. Sikuifikiria upande wa mkandarasi.

---

MamaTakwimu · Jumatatu, saa 10:15 jioni

Kwa watu 186 ningechukua karatasi kwa matawi na ghala, na kiungo kimoja cha wote kwa ofisi kuu. Kiungo kiwe kimoja kwa kila mtu. Ukimtumia kila mtu kiungo chake, mfumo unajua nani kajibu.

Ukitumia KoboToolbox, fungua fomu na uondoe `start`, `end`, `deviceid` na `username`, kisha ruhusu watu wajibu bila kuingia kwa akaunti. Safu ya `_submission_time` itabaki, seva inaiweka yenyewe. Anayeshusha data aifute kabla mtu mwingine hajaiona, na achanganye mpangilio wa mistari. Ukiacha muda, na wote mnajua kwamba dada fulani alikuwa peke yake ofisini Jumamosi, umeshamtaja.

Kuzuia mtu kujibu mara mbili bila kumjua: chapisha vipande vya karatasi vyenye namba za bahati nasibu. Lira wapo 24, weka vipande 24 kwenye mfuko, kila mtu anachomoa chake mwenyewe na kukiambatisha kwenye dodoso. Namba ikijirudia, zote mbili unazitupa. Hakuna orodha inayosema nani alichukua namba gani, na wao wenyewe wameona haipo. Hilo la kuona kwa macho lina nguvu kuliko aya nzima ya kuwahakikishia.

Sanduku lisikae mezani kwa meneja. Lifungwe kwa lakiri mbele yao, lisafiri hivyo hivyo, likafunguliwe na mtu wa nje ya kampuni.

Sasa nije kwenye kosa kubwa la rasimu yako, ambalo watu wengi hawalioni. Unauliza tawi (majibu 7), idara (tuseme 5), jinsia (2) na miaka kazini (4). Zidisha: 7 × 5 × 2 × 4 ni vyumba 280. Wafanyakazi ni 186. Vyumba vimezidi watu! Kila mtu karibu anakaa chumba chake peke yake, na yeyote mwenye orodha ya mishahara anaweza kumsoma. Huhitaji jina hapo.

Bakiza tawi tu. Swali la kujiuliza kabla ya kila kipengele ni hili: nikijua tofauti hii, nitafanya nini? Kama ahadi inavunjwa, inavunjwa mahali, basi mahali ndipo unapohitaji. Miaka kazini iache.

---

Nakku_Utumishi · Jumatatu, saa 10:40 jioni

Nimefuta idara, jinsia na miaka. Lakini bosi anataka jinsia kwa sababu ya ahadi ya usalama, wanawake wa ghalani wana malalamiko ya vifaa vya kujikinga. Na je, nikisema sitatoa matokeo ya kundi lolote lenye majibu chini ya 5, si inatosha?

---

MamaTakwimu · Jumatatu, saa 11:25 jioni

Tano ni desturi ya wengi, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu ya hesabu ya kutoa. Angalia. Tuseme Bweyale wamejibu 4 na Masindi 18. Unaficha Bweyale kwa kuwa ni wachache, unachapisha Masindi peke yake, halafu mahali pengine unachapisha "kanda ya Masindi na Bweyale, majibu 22". Mtu anachukua 22, anatoa 18, anabaki na Bweyale wako wote wanne. Kanda wakiwa 7 walioona dawa iliyoekspaya na Masindi 4, Bweyale ni 3 kati ya 4. Meneja wa tawi lenye watu 9 atamtafuta yule mmoja aliyesema hakuona, wengine wote ameshawajua.

Kwa hiyo Bweyale iunganishe na Masindi tangu mwanzo, kwenye karatasi yenyewe. Jibu la kuchagua liandikwe "Masindi na Bweyale", na masanduku mawili yachanganywe kabla ya kuhesabu. Kile ambacho hukukusanya hakiwezi kuvuja. Kuhusu kiwango cha chini, mimi ningeweka 8 na si 5, na kwa maoni ya kuandika ningesubiri wafike 15.

Jinsia: iulize ghala la Namanve peke yake, kwa swali moja la vifaa, kama wanawake pale wanazidi 10. Matawini usiiulize.

Na maoni ya kuandika kwa mkono, tafadhali, yasimfikie meneja yakiwa karatasi. Mwandiko unajulikana. Lugha nayo inajulikana: maoni ya Kilango kutoka Mbale yatakuwa ya mtu mmoja au wawili. Mtu wa nje ayatafsiri yote kwa lugha moja, ayaondolee jina la tawi na maneno ya kujitambulisha kama "mimi niliyehamishwa mwaka jana".

---

Duka_la_Kasese · Jumanne, saa 1:50 asubuhi

Nafuatilia kwa makini. Mimi nina nyumba ya wageni, wafanyakazi 8, na mlangoni tumeandika "Usafi na Heshima". Naweza kutumia dodoso hili nikibadilisha maneno?

---

MamaTakwimu · Jumanne, saa 2:30 asubuhi

Hapana ssebo. Kwa watu 8 hakuna dodoso la siri. Unawajua kwa mwandiko, kwa zamu, hata kwa namna wanavyopanga maneno. Ukiwaahidi siri, utakuwa umewaahidi kitu usicho nacho. Mtafute mtu wanayemwamini nje ya biashara, azungumze na kila mmoja, akuletee mambo matatu ambayo angalau watu wanne wameyataja, bila maneno yao wenyewe. Zaidi ya hapo angalia vitu: shuka zinabadilishwa mara ngapi, na saa za zamu zilizoandikwa zinalinganaje na zilizofanyika.

---

Wakili_Jinja · Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Nina wasiwasi na swali jingine ambalo najua Nakku atalifikia: "wewe mwenyewe umewahi kuuza?" Hapo mtu anakiri kosa. Kuuza dawa za shamba zilizopita muda si suala la maadili ya kampuni tu, wakaguzi wa Wizara ya Kilimo wanahusika. Msiliulize waziwazi.

---

MamaTakwimu · Jumanne, saa 4:48 asubuhi

Lipo la kufanya, ni la zamani: mwanatakwimu Warner alilianzisha mwaka 1965, na baadaye likaja la dadu. Dadu la ludo linatosha, lipo kila duka.

Mfanyakazi anarusha dadu mahali ambapo hakuna anayemwona. Ikitoka 1, anaandika "Ndiyo", hata kama si kweli. Ikitoka 6, anaandika "Hapana", hata kama si kweli. Ikitoka 2, 3, 4 au 5, anajibu ukweli. Sasa karatasi yenye "Ndiyo" haimshtaki mtu, inaweza kuwa ni dadu lililosema. Lakini kwa kundi zima tunajua dadu limechangia kiasi gani, kwa hiyo tunalitoa:

```
kweli = (sehemu_ya_Ndiyo - 1/6) / (4/6)
```

Watu 60 wakijibu na "Ndiyo" zikawa 24, sehemu ni 0.40. Toa 0.167, unabaki na 0.233. Gawa kwa 0.667, unapata 0.35. Karibu asilimia 35 wamewahi kuuza.

Gharama yake ni ukungu. Hata kama hao 60 ndio watu wote uliotaka, dadu peke yake linaweza kusogeza zile "Ndiyo" kwa watu 5 au 6 huku au kule. Zikiwa 18 jibu ni asilimia 20, zikiwa 30 ni asilimia 50. Kwa hiyo unaripoti "kati ya 20 na 50", na kamwe huligawi kwa matawi.

Utajuaje kama watu hawakufuata dadu? "Ndiyo" zikishuka chini ya moja ya sita, yaani chini ya 10 kati ya 60, kanuni inakupa jibu hasi. Moja pungufu au mbili inaweza kuwa bahati. Zikiwa 3, ujue watu walipata 1 na wakaogopa kuandika "Ndiyo". Tupa swali, usilirekebishe.

---

Chapa_na_Sauti · Jumanne, saa 5:30 asubuhi

Si sarafu ya 500 ni rahisi zaidi? Korongo akitokea juu, andika "Ndiyo". Upande mwingine, sema kweli.

---

MamaTakwimu · Jumanne, saa 5:52 asubuhi

Inafanya kazi, ila nusu ya majibu yako yamekwenda kwa sarafu, na ukungu unazidi. Halafu inamlinda mwenye "Ndiyo" tu. Aliyeandika "Hapana" anajulikana kabisa kwamba hajauza, na ghalani hilo nalo lina hatari yake, wenzake watamwona msaliti. Dadu linawafunika wote wawili.

---

Mzee_wa_Bweyale · Jumanne, saa 6:20 mchana

Mnisikie kwenye moja. Hilo la dadu lifanyiwe mazoezi kwanza kwa swali lisilo na ubaya, kama "Leo umekunywa chai?" Watu warushe mara mbili tatu, wacheke, waelewe. Ukiliingiza moja kwa moja kwenye swali zito, wapakuaji watadhani ni kamari au mtego wa polisi. Na mwelezaji asiwe karani wa tawi.

---

Nakku_Utumishi · Ijumaa, wiki 6 baadaye, saa 4:00 asubuhi

Nimerudi na matokeo. Masanduku yalifunguliwa na mtu wa nje, nami nimeona majedwali tu.

Waliojibu ni 141 kati ya 186: ofisi kuu 47, Namanve 27, Masindi na Bweyale 22, Mbale 19, Lira 17, Kasese 9. Nililiacha lile swali la zamani la 1 hadi 5 ili nilinganishe. Wastani wake ni 4.1.

Swali la rafu: waliochagua "kazi yangu hainifikishi" ni 53, kati yao 41 ni wa ofisi kuu. Wanabaki 88. Walioona bidhaa iliyoekspaya rafuni angalau mara 1 ni 31. Kurugenzi imeandika kwenye muhtasari wake "asilimia 22", mimi napata 35. Nani kakosea?

Kisa cha meneja: "yeye ndiye atapata shida" imechaguliwa na 12 kati ya 17 wa Lira, na 3 kati ya 47 wa ofisi kuu. Dadu: waliojibu 60, "Ndiyo" 24, kama ule mfano wako kabisa.

---

MamaTakwimu · Ijumaa, saa 5:12 asubuhi

Wamegawa 31 kwa 141. Wewe umegawa kwa 88, na 88 ndio wanaofika kwenye rafu. Yako ndiyo sahihi. Kwenye ripoti andika kwa idadi ya watu: "kati ya wafanyakazi 88 wanaofika kwenye rafu, 31 wameona". Asilimia inasogezwa kwa kubadilisha cha kugawia, idadi ya watu haisogei.

Lakini usiseme asilimia 35 ya rafu zilikuwa na bidhaa mbovu. Watu 10 wa tawi moja wanaweza kuwa wameona mfuko ule ule. Umepima walioona, hukupima mifuko.

Na tazama waliokaa kimya: 45. Ofisi kuu hawakujibu 5 kati ya 52, Kasese 6 kati ya 15, Namanve 11 kati ya 38. Ukimya uko ghalani na matawini, huko huko ambako rafu zipo. Sisemi wote walikuwa na mabaya ya kusema, wengine walikuwa safarini na lori. Ila weka mipaka: kama wote 11 wa Namanve wangekuwa wameona, picha ingekuwaje, na kama hakuna hata mmoja? Ziandike zote mbili.

Lile la Lira ndilo la kwanza kushughulikia. Wastani wa 4.1 na 12 kati ya 17 wanaotarajia kuadhibiwa wametoka kwenye karatasi zile zile.

---

Chapa_na_Sauti · Ijumaa, saa 6:01 mchana

Hapa naingia kwa upande wangu. Tangazo la redio lisitoke na "Ukweli kwa mkulima" mwaka huu. Mfanyakazi mmoja akiposti picha ya rafu Watsapu, tangazo ndilo litakaloisambaza. "Usalama wa mfanyakazi" imetokaje? Kama imesimama, tumieni hiyo.

---

Wakili_Jinja · Ijumaa, saa 7:15 mchana

Mimi nasema kuna la haraka kuliko tangazo. Dawa iliyopita muda inakwenda shambani. Kampuni ikishajua, haiwezi kukaa. Meneja wa Lira aitwe.

---

MamaTakwimu · Ijumaa, saa 7:40 mchana

Ukimwita meneja wa Lira kwa sababu ya karatasi 17, umemwambia watu wake wamesema, na msimu ujao hutapata hata karatasi 5. Fanyeni ukaguzi wa rafu na ghala kwa matawi yote wiki moja, bila taarifa, kwa orodha moja. Walinganishe na daftari la bidhaa zilizorudishwa Namanve. Tawi ambalo halijarudisha hata mfuko mmoja msimu mzima ndilo la kutazamwa zaidi, maana kila tawi hubaki na mzigo.

---

Wakili_Jinja · Ijumaa, saa 8:02 mchana

Na kama ukaguzi wa matawi yote utachukua mwezi kupitishwa na bajeti? Mkulima anapulizia leo. Siri ya wafanyakazi ni muhimu, sipingi, lakini siioni kuwa juu ya afya ya mtu shambani.

---

Mzee_wa_Bweyale · Ijumaa, saa 8:30 mchana

Wote mna haki. Anzeni na matawi matatu Jumatatu hii, Lira ikiwa ya katikati, isiwe ya kwanza wala peke yake. Gari moja, watu wawili, haihitaji bajeti kubwa.

---

Wakili_Jinja · Ijumaa, saa 8:41 mchana

Matatu bado ni machache. Meneja atahesabu. Sijaridhika, ila ni bora kuliko mwezi.

---

Nakku_Utumishi · Ijumaa, saa 9:20 alasiri

Nitapeleka pendekezo la Mzee kwa wakurugenzi leo, pamoja na hoja ya Wakili kama ilivyo. Kwa dodoso la Novemba nimeandika swali jipya: "Tangu ukaguzi ufanyike, je, bidhaa zilizoekspaya zinaondolewa haraka na kurekodiwa?" Ndiyo au Hapana. Limekaa sawa?

---

MamaTakwimu · Ijumaa, saa 9:33 alasiri

Hapana, ni maswali mawili ndani ya moja. Zikiondolewa haraka bila kuandikwa daftarini, mtu ajibu nini? Na "haraka" kwa mtunza ghala ni wiki, kwa muuzaji ni saa. Tenganisha: "Mara ya mwisho ulipoona bidhaa iliyoekspaya rafuni, ilikaa siku ngapi kabla ya kuondolewa?" Kisha: "Je, uliona ikiandikwa kwenye daftari la marejesho?" Na jibu la "kazi yangu hainifikishi" lirudi, umelisahau.

---

Nakku_Utumishi · Ijumaa, saa 9:36 alasiri

Kweli nimelisahau. Narekebisha sasa hivi.